Gawanya kwa 17, si kwa 20

Haya ni maneno niliyowaambia wanafunzi wa gredi ya 8 na ya 9 katika shule moja hapa Malindi. Mwalimu alinirekodi kwa simu, nami nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Marahaba, wanangu. Kaeni. Nyinyi mlio karibu na madirisha, fungueni yote, maana hiki kilicho ndani ya beseni kitaanza kunuka kabla sijamaliza, na harufu yenyewe ni sehemu ya mazungumzo.

Mwalimu amesema mimi ni mfanyabiashara. Sawa, nina duka la samaki, nina mafriza 3, nina mashine ya kusaga barafu, na tuko watu 6 tunaokula kupitia hapo. Lakini kabla ya duka nilikuwa mama karanga miaka 11. Naona kuna wanaocheka. Hao mama zao wananijua. Nilikuwa nikishuka ufuoni Shela alfajiri, nanunua, napaa magamba, natumbua, wengine nawauza wabichi sokoni, wanaobaki nawakaanga jioni nawauza njiani. Shule niliacha darasa la 7. Msije mkaenda nyumbani mkasema yule mama katuambia tuache shule. Nitafika hapo, na mtaona hesabu ya darasani iliniokoa wapi na iliniacha wapi.

Nimekuja na changu wawili. Wametoka wavu mmoja, wamefika ufuoni pamoja leo alfajiri. Mmoja nimemlaza kwenye sanduku la barafu. Mwenzake nimemwacha kwenye beseni tangu saa 12, na sasa ni saa 5 imepita. Wewe wa mbele uliyekuwa ukinong'ona, njoo. Usiogope, hawang'ati tena. Bonyeza huyu wa barafu hapa, nyuma ya kichwa, kwenye nyama nene. Toa kidole. Umeona? Nyama imerudi kama mpira. Sasa mbonyeze wa beseni. Kimebaki kishimo. Haya, inua hili shavu utazame ndani. Huyu wa barafu matamvua yake mekundu, ya mwenzake yameanza kuwa rangi ya udongo. Jicho la huyu limetoka nje na linang'aa, la yule limetumbukia. Nusa. Huyu ananuka bahari. Yule... haya, mwacheni akanawe.

Hayo nimewaonyesha kwa dakika 2. Mimi yalinichukua miezi 3. Shangazi yangu ndiye aliyenifundisha, naye hakuwa mtu wa maelezo. Miezi yote hiyo hakuniruhusu kununua hata samaki mmoja kwa pesa yake. Kazi yangu ilikuwa kubeba beseni na kushika. Nikiuliza, "Shangazi, huyu mzuri?" ananiambia, "Shika." Nashika. "Sasa shika yule." Nashika. Kisha ananitazama kama nimekula chumvi yake bure. Siku moja alinifunga macho kwa leso yake nikiwa nimeshika pono kila mkono, akataka nimwambie yupi wa leo na yupi wa jana. Nilikosea, wachuuzi wa baiskeli wakacheka mpaka basi. Wiki iliyofuata sikukosea.

Ukishajua kushika ndipo unaanza kuona hila. Mtu anammwagia samaki maji ya bahari kila baada ya muda ili ang'ae. Mwingine anayang'oa matamvua kabisa, akuambie ameshakusafishia, kumbe ameondoa shahidi. Nimewahi kuona aliyepakwa damu ya samaki mwingine mashavuni. Ukiletewa samaki mkubwa amekatwa kichwa mapema hivyo, uliza kichwa kiko wapi. Nyama ndiyo hawawezi kuihonga, hiyo ukiibonyeza inasema yenyewe.

Kwa hiyo nikajiona nimekuwa mnunuzi. Mwaka 2008 nikaanza na mtaji wangu mwenyewe. Na hapa nataka mwalimu wa hisabati asikilize vizuri.

Nilikuwa nikinunua kilo 20 za changu na tafi kwa shilingi 150 kilo. Hizo ni 3,000. Nikizifikisha sokoni, nazisafisha, nauza shilingi 200 kilo. Kichwani mwangu hesabu ilikuwa nyepesi: faida 50 kwa kila kilo, mara 20, elfu moja. Kila siku nilikuwa naamini nimepata elfu moja, na kila Ijumaa nikifungua kibweta nakuta hakuna kitu. Nikamshuku mdogo wangu. Nikabadilisha mahali pa kuficha pesa mara 2. Nikafikia hata kumshuku jirani, Mwenyezi Mungu anisamehe, na yule mama alikuwa akinilindia meza nikienda kuswali.

Meza ya pili kutoka kwangu alikaa mama mmoja mtu mzima, aliyeuza nguru na papa mkavu tangu sijazaliwa. Siku moja baada ya kunisikiliza nikilalamika aliniambia, "Kesho usitupe matumbo. Niletee kwenye mfuko." Nikadhani anataka kulisha paka. Kesho yake nikampelekea mfuko wenye matumbo, magamba, matamvua, yote. Akauweka kwenye mizani yake. Kilo 3.

Akasema, "Haya umenunua kwa bei gani?"

Nikasema, "150."

"Na unayauza kwa bei gani?"

Sikujibu. Paka ndiye aliyekuwa mnunuzi wangu wa kilo 3, na hakuwa akilipa.

Basi tukakaa na kalamu. Samaki 3,000. Mkokoteni na nauli 100, barafu 100, ushuru na mifuko 50. Jumla 3,250. Mimi nilizoea kugawanya kwa 20, kwa sababu ndizo kilo nilizonunua. Yeye akaniambia gawanya kwa ulizo nazo mezani. Mezani ziko 17. Fanyeni, tuone nani wa kwanza... Ndiyo, 191 na senti kidogo. Kila kilo ilikuwa imenigharimu 191 nami nauza 200. Kwa hiyo nikiuza zote 17 sawasawa, faida ya siku nzima ni shilingi 150. Na siku ambayo kilo 2 zimelala hazikununuliwa, nimeuza 15, nimepata 3,000, nimekula hasara ya 250. Hakukuwa na mwizi nyumbani kwetu. Pesa nilikuwa nikizitupa mwenyewe kwenye ndoo.

Mwalimu wangu wa darasa la 5 alinifundisha kugawanya, na alinifundisha vizuri, mpaka leo nagawanya bila simu. Bila yeye yule mama angeongea na mimi nisielewe. Lakini kitabu cha darasa la 5 hukuandikia swali likiwa limekamilika: "Mama ana kilo 20." Hakikuniambia kwamba sokoni swali lenyewe lazima ulitunge, na kwamba namba ya kugawanyia iko kwenye ndoo ya taka, ukaipime kwanza. Tena haibaki 3 siku zote. Samaki mwenye mayai anatoa taka zaidi, tafi mdogomdogo wanatoa taka zaidi kuliko kolekole mmoja mkubwa. Nilipima ndoo kila siku mwezi mzima, nikawa naandika nyuma ya kalenda. Baada ya hapo nikajua changu wa wakati gani ninunue kwa bei ipi, na bei gani niinuke niende zangu nyumbani nikalale.

Tuje kwenye lile lililonifanya niwe na duka. Si habari nzuri, lakini ndiyo iliyonisomesha kuliko zote.

Ilikuwa kaskazi, bahari imetulia, jodari na sehewa wamejaa. Kaskazi nyinyi mnaijua, joto lile la Januari hata kivulini shati linakushika mgongoni. Nikanunua jodari mmoja wa kilo 8 kwa bei ya kutupwa. Nikambonyeza, mgumu. Mashavu mekundu. Hakuwa na barafu, na mvuvi akaniambia amevuliwa usiku wa manane, amelala kwenye sakafu ya dau mpaka walipotia nanga, na jua lilishachomoza. Sikujali. Nikamweka chini ya meza akakaa mpaka mchana, nikamkata vipande, nikampaka chumvi, ndimu na pilipili, saa 10 nikaanza kukaanga. Akaisha wote. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Baada ya isha mlango ukabishwa. Jirani yangu, uso mwekundu kama aliyepigwa, shingo imevimba mabaka, moyo unamwenda mbio, kichwa kinamwuma. Nyumbani kwake watu 5 walikula na 4 wako vile vile. Tukawapeleka zahanati. Walipewa dawa, kufikia asubuhi wote walikuwa wazima, alhamdulillahi. Lakini watu wa mtaa wetu walishasema yangu. Wapo waliosema nimeweka kitu. Wapo waliosema ni jicho.

Daktari wa zamu usiku ule, kijana tu, alinikalisha akaniuliza ni samaki gani. Nikamwambia jodari. Akauliza alikaa bila barafu saa ngapi. Nikaanza kuhesabu kwa vidole, saa 6 za usiku, mpaka saa 10 za jioni, ndipo nikaona aibu. Akanieleza kwamba jodari, sehewa, vibua na jamaa zao wana kitu kwenye nyama ambacho vijidudu hukigeuza kuwa sumu inayoitwa histamini samaki akikaa kwenye joto. Nikamwambia, lakini nimemkaanga mpaka amekauka. Akasema kukaanga kunaua vijidudu, sumu waliyokwisha kuitengeneza inabaki. Ukimkaanga, ukimchemsha, ukimgandisha, haitoki. Nikamwambia, lakini hakunuka. Akasema ndiyo, anaweza asinuke. Wengine wakimla huhisi ulimi unawasha kama pilipili, na mimi nilishamtia pilipili mwenyewe.

Mnaelewa kilichoniuma? Kidole changu kilichofundishwa miezi 3 hakikuweza kuniambia. Kwa changu kidole kinatosha. Kwa jodari kidole kinadanganywa. Hapo huna cha kushika, inabidi ujue historia yake: alikufa saa ngapi, na tangu hapo alikuwa wapi.

Wiki 2 sikuuza. Nani angenunua? Nikazitumia kukaa pale wanapotengeneza barafu, kwenye kibaraza, natazama. Fundi wa mitambo alikuwa mtu wa maneno mengi, Mungu ampe umri. Nikamwuliza barafu kiasi gani inatosha samaki kiasi gani. Watu wa sokoni tulikuwa tukinunua kipande cha shilingi 50, tunakiweka juu ya samaki kama kofia, basi. Akaniuliza kama nakumbuka kilo moja ya barafu ikiyeyuka inakunywa joto kiasi gani. Sikuwahi kufika huko shuleni, nyinyi mtafika. Akaniambia hivi: joto ambalo kilo moja ya barafu inalinywa ili iwe maji tu, bado ya baridi ileile, lingetosha kuipandisha kilo hiyo ya maji kutoka ubaridi wa barafu mpaka nyuzi 80. Ndiyo maana barafu ina nguvu kuliko maji baridi.

Kisha akachora kwa mkaa kwenye saruji. Samaki kilo 10 akitoka baharini ana kama nyuzi 30. Kumshusha mpaka karibu na sifuri kunakula barafu kilo 3 hivi. Nikafurahi, nikasema kumbe kidogo. Akacheka. Akasema hizo 3 ni za kumpoza. Bado hujalipa za kumlinda. Sanduku lako lina matundu, jua linapiga, kila mteja anafunua kifuniko. Kwa joto la pwani weka barafu kilo kwa kilo na samaki, na kama sanduku ni bovu au safari ni ndefu, zidisha. Kofia yangu ya shilingi 50 haikuwa ikifika hata nusu ya kazi ya kwanza.

Njooni muone sanduku langu, nyinyi wa safu 2 za mbele. Barafu imesagwa, si pande. Pande lina pembe, linamgusa samaki mahali pawili tu na linamchubua, iliyosagwa inamvaa mwili mzima. Chini barafu, kisha samaki, kisha barafu, na tumboni mwake pia barafu. Na hapa pembeni chini kuna tundu. Mnadhani la nini? Maji ya barafu inayoyeyuka yanamwosha samaki na kushuka na damu, ni mazuri yakipita. Yakituama, samaki anaogelea kwenye damu yake na uchafu wake, na samaki huyo hakai siku 2. Kila nikiajiri mtu mpya namkuta siku ya kwanza ameliziba tundu kwa kitambaa ili sakafu isilowe. Kila mtu, bila kukosa. Siku hizi simwambii. Namwacha alizibe, jioni namwita anuse.

Nilipoanza tena, nilianza na kitu kimoja: sanduku 2 za barafu nikampa nahodha mmoja aende nazo baharini. Wenzangu waliniona mwendawazimu, natoa barafu bure kwa samaki ambaye hajavuliwa. Lakini jodari wangu akawa anaingia barafuni akiwa bado anapiga mkia, na hoteli 2 zikanisikia. Leo nina kipimajoto cha sindano, hiki hapa. Kinaingia mpaka karibu na mfupa wa mgongo. Dukani samaki asipande juu ya nyuzi 4. Jodari akija bila barafu na mwenyewe hajui kafa saa ngapi, simnunui hata kwa shilingi 10. Wananitukana, wanakwenda kumwuzia mwingine. Hilo sina dawa nalo.

Friza nalo lina mambo yake, nitasema moja tu kwa sababu naona mwalimu anatazama saa. Friza yangu ya kwanza, ya mitumba, niliijaza kilo 60 siku moja kabla ya kusi kuanza, nikijua madau madogo hayatatoka na bei itapanda. Asubuhi samaki wa pembeni wamekuwa mawe, wa katikati bado vuguvugu, wamelainika na kuoza. Friza ya dukani imetengenezwa kuhifadhi kilichoganda, si kugandisha mlima kwa usiku mmoja. Fundi yuleyule alinifundisha kuwatandaza kwenye trei, kidogo kidogo, wakiganda ndipo wapangwe. Nilipoteza karibu nusu ya mzigo kujifunza hilo, na ndiyo ada ya shule ghali kuliko zote niliyowahi kulipa.

Kuna binti aliandika swali kwenye karatasi, ameniuliza ningepataje kujua haya kama shangazi angekuwa hayupo. Sijui, mwanangu. Ila nimegundua kitu kuhusu watu wa kazi. Ukimwambia "nifundishe," anakwambia hana nafasi. Ukimkuta anafanya, ukashika upande wa pili wa kitu anachobeba, anaanza kusema mwenyewe. Yule mama wa nguru sikumwomba anifundishe. Nilimbebea maji wiki 2 kwa sababu goti lilimwuma. Fundi wa barafu nilimpelekea mahamri. Na kila walichosema nilikwenda nikakipima, kwa sababu hata watu wazima husema mengine kwa mazoea tu. Shangazi yangu, pamoja na kidole chake chote, alikufa akiamini barafu inaharibu utamu wa samaki.

Wanaotaka kuja, Jumamosi saa 11 alfajiri niko ufuoni. Njooni na barua ya mzazi na viatu ambavyo hamtavililia. Nachukua 4 tu kwa wakati mmoja, na hakuna atakayeshika kisu mwezi wa kwanza. Mtashika samaki.

Mwalimu, huyu wa barafu mpelekeni jikoni, mpishi anajua la kufanya. Mwenzake msimpe hata paka. Nipeni jembe tu, nitamfukia mwenyewe pale nyuma ya mwembe nikitoka.